Umeongeza milo miwili na mizani haisogei: tafuta mahali kalori zinapovuja

Mchezaji mwembamba akitaka misuli, kila mtu humwambia neno moja: kula zaidi. Anaongeza uji asubuhi na karanga jioni, anangoja mwezi mzima, anapanda mizani, na namba ni ile ile. Hapo wengi hukata shauri kwamba mwili wao "haushiki chakula". Mara nyingi mwili unashika vizuri kabisa, ila ile ziada wanayodhani wanaila haipo. Nitafuata dalili moja moja, lakini nitakaa zaidi kwenye hii ya mizani, kwa kuwa ndiyo inayoleta vijana wengi kwangu.

Nitatumia mfano wa kijana mmoja wa basketi wa hapa Bukavu, mtu wa Kadutu. Ana miaka 20, urefu wake sentimita 178, uzito kilo 58. Anafanya mazoezi jioni tano kwa wiki, na zaidi ya hayo anapanda na kushuka vilima kwa miguu kila siku, kama wengi wetu.

Kwanza hesabu yenyewe

Mwili unatumia nguvu hata mtu akilala. Kukadiria kiasi hicho, wataalamu wa lishe hutumia kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Kwa mwanaume inakwenda hivi:

```
10 × kilo + 6.25 × sentimita − 5 × miaka + 5
10 × 58 + 6.25 × 178 − 5 × 20 + 5 = 1597.5
```

Kwa mwanamke, mahali pa kujumlisha 5 mwishoni unatoa 161. Namba inayopatikana ni kalori zile zinazoandikwa kcal kwenye paketi za vyakula. Kijana wetu basi anatumia kama 1600 akiwa amelala tu. Kwa mtu anayefanya mazoezi mara nyingi na kutembea sana tunazidisha kwa 1.8, tunapata 2880. Tuseme 2900.

Kanuni hii inaweza kukosea kwa kalori mia mbili au zaidi, juu au chini, kwa hiyo usiing'ang'anie. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni mizani. Ikiwa uzito wako umekaa palepale kwa miezi, basi unachokula ni sawa na unachotumia, kanuni iseme isemavyo. Kijana huyu alikuwa amekaa kwenye kilo 58 muda mrefu, na tulipoandika chakula chake cha kawaida tulipata namba iliyokaribia 2900. Hapo tukajua tunaanzia wapi.

Juu ya hiyo 2900 tunataka ziada ya kama 400 kwa siku. Katika lishe ya michezo ziada inayopendekezwa kwa kujenga misuli huwa kati ya 350 na 500 hivi. Ukipita hapo sana, misuli haiongezi mwendo, na kinachobaki kinakuwa mafuta. Lengo letu basi ni 3300. Protini nayo tunaihesabu kwa uzito: gramu 1.6 kwa kila kilo, yaani gramu 93 kwa siku. Yeye alikuwa anapata kama 70, nyingi kutoka kwenye maharagi na vile visamaki vya sambaza, hivyo milo miwili ya ziada ilitakiwa kuleta kama 25.

Mlo wa kwanza ukawa uji wa sosoma, ule unga wa soya, mtama na mahindi: gramu 50 za unga (kalori 185), robo lita ya maziwa yasiyotolewa mafuta (155) na vijiko viwili vidogo vya sukari (40). Jumla 380, na protini kama gramu 16. Mlo wa pili ukawa gramu 40 za karanga zilizokaangwa, yaani konzi moja iliyojaa (225), pamoja na ndizi mbivu moja (105). Jumla 330, na protini kama gramu 10. Milo miwili inaleta 710.

Utauliza: tunatafuta 400, mbona tunaongeza 710? Kwa sababu chakula kipya huwa kinasukuma cha zamani. Sehemu itapotea tu, na ni afadhali kuipangia nafasi mapema. Kwa kijana wetu haikupotea sehemu. Ilipotea yote.

Dalili: milo miwili inaliwa kila siku, uzito haupandi

Kabla ya kulaumu chakula, hakikisha kipimo. Uzito wa mtu huyo huyo unaweza kucheza kilo nzima kati ya asubuhi na jioni kwa sababu ya maji na chakula kilicho tumboni. Pima asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, nguo nyepesi, mizani ile ile, angalau asubuhi tatu kwa wiki. Kisha chukua wastani wa wiki na uulinganishe na wastani wa wiki nyingine. Anayejipima kwenye famasi Jumatatu akiwa na viatu na Ijumaa akiwa hana, hajapima kitu.

Kijana wetu alipima vizuri. Baada ya wiki tatu wastani wake ulikuwa kilo 58.1. Uji anakunywa, karanga anatafuna, wala haruki siku.

Aliyetoa jibu ni mama yake. Tulikuwa tumesimama mlangoni kwao, nikamwuliza kama kijana anakula vizuri.

"Kocha, uji anamaliza," akasema. "Lakini siku hizi bugali yangu inabaki kwenye sahani. Naimwagia kuku. Na papa huyu hakuwa mtu wa kuacha bugali!"

Kijana akacheka. "Mama, nafika mezani nimeshiba."

Basi tukachukua daftari na kuandika siku tatu kamili, Jumapili ikiwa ndani, pamoja na kile kinachobaki kwenye sahani. Hilo la mwisho ndilo watu wanalosahau: wanaandika kilichopakuliwa, hawaandiki kilichorudi jikoni. Bugali ni rahisi kuipima ukiipima ikiwa bado unga. Zamani fungu lake la jioni lilitoka kwenye gramu 200 za unga. Sasa alikuwa anakula kama 130. Gramu 70 za unga zilizopungua ni kalori karibu 245. Mboga na samaki wa kushushia bugali navyo vilipungua, pamoja na mafuta yake: kama 60. Lile andazi kubwa alilokuwa akinunua saa sita njiani alikuwa ameliacha, maana uji umemjaza: 180 nyingine zimekwenda.

Hapo tayari tumepoteza 485 kati ya 710. Zimebaki 225. Hizo peke yake zingesogeza mizani, japo polepole. Nikamwuliza kama kuna kitu kipya katika mazoezi. Kumbe timu ilikuwa inajiandaa na mashindano, na kila asubuhi isipokuwa Jumapili alikuwa anakimbia kilomita 5. Kukimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, na hiyo ni kwenye tambarare. Kwake ni kama 290 kwa asubuhi moja, mara sita, gawanya kwa siku saba: karibu 250 kwa siku. Toa hizo kwenye 225 na utaona kwa nini mizani ililala.

Marekebisho hayakuhitaji chakula kingine. Yalikuwa ya saa. Uji wake ulikuwa unaliwa saa tano na nusu, kisha chakula cha mchana saa saba. Na karanga zilikuwa zinaliwa saa kumi na mbili na nusu, akitoka mazoezini, wakati chakula cha jioni kiko mezani saa moja na nusu. Kila mlo mpya ulikuwa umekaa mbele ya mlo mkubwa na kuufungia mlango. Tukaurudisha uji hadi saa nne asubuhi, ili yapite masaa matatu kabla ya chakula cha mchana. Karanga na ndizi tukazipeleka baada ya chakula cha jioni, saa tatu na nusu usiku, kabla ya kulala. Mlo wa usiku una faida moja kubwa kwa mtu mwembamba: hauna mlo mwingine nyuma yake wa kuusukuma. Akitoka mazoezini akanywa maji, akala bugali yake akiwa na njaa ya kweli.

Mbio tukazipunguza hadi asubuhi tatu, baada ya kocha wa timu kukubali. Hilo ni jambo la kujadiliana naye. Usiache mazoezi ya timu kimyakimya kwa ajili ya mizani. Hesabu mpya ikawa hivi: 710, toa 180 za andazi ambalo hakulirudia, toa kama 125 za mbio tatu. Zinabaki 405. Bugali ilirudi kama zamani. Baada ya wiki nne wastani ukawa kilo 59.0.

Je, gramu 900 kwa wiki nne ni nyingi au kidogo? Kwa mtu wa kilo 58, mwendo mzuri ni robo hadi nusu ya asilimia moja ya uzito kwa wiki, yaani kati ya gramu 150 na 290. Yeye alipata 225. Anayeahidiwa kilo tano za misuli kwa mwezi anadanganywa.

Sababu nyingine ya dalili hii hii ni uji mwepesi. Nimeona wanafunzi wanaoandika "uji, 380" kwenye daftari, na ukichungulia kikombe unaona maji yaliyotiwa rangi. Vijiko viwili vya mezani vya unga kwenye kikombe kikubwa cha maji ni kama kalori 75, basi. Gramu 50 ni kama vijiko vitano vya mezani. Ukiona ni mzito mno kumezeka, usipunguze unga. Weka maziwa mahali pa sehemu ya maji, na ukoroge kijiko kimoja cha mezani cha karanga iliyosagwa ndani yake. Mtu mwembamba tatizo lake ni nafasi tumboni, kwa hiyo kila kikombe kibebe kingi bila kuwa kikubwa.

Dalili: tumbo linajaa gesi, au unaharisha

Angalia wakati. Ikianza nusu saa hadi masaa machache baada ya uji, mtuhumiwa wa kwanza ni maziwa. Watu wazima wengi hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, na robo lita kwa mpigo inawazidi. Jaribu siku nne bila maziwa. Dalili ikiisha, rudisha kidogo kidogo, au tumia mashanza: maziwa yaliyoganda yamekwisha kupoteza sehemu ya sukari hiyo kwa kuchacha, na wengi wanayavumilia vizuri. Kunywa mashanza pembeni, usiyachemshe kwenye uji yakakatika. Kikombe cha robo lita kinabaki na kalori karibu zile zile.

Kama umeacha maziwa na tumbo bado linasumbua, geukia soya iliyo ndani ya sosoma. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia usagaji wa protini, na moto ndio unaoviharibu. Soya inatakiwa iwe imekaangwa vizuri kabla ya kusagwa, kisha uji uchemke dakika 15 hadi 20, si kuvimba mara moja na kuepuliwa. Utaijua kwa pua: uji wa soya isiyoiva una harufu ya majani mabichi ya maharagi. Ukiununua unga tayari na hujui ulikaangwa vipi, chemsha zaidi.

Karanga nazo zichambue kabla ya kukaanga. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye rangi ya ajabu itupwe, na ukitafuna moja chungu iteme. Sumu ya ukungu wa karanga na mahindi huumiza ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Mtu anayekula konzi moja kila usiku hana ruhusa ya kuwa mzembe hapa.

Kuharisha kwenye damu au kamasi, au homa juu yake, si habari ya maziwa. Hiyo ni ya kituo cha afya.

Dalili: uzito unapanda mbio

Wiki ya kwanza mizani inaweza kuruka hata kilo moja, na kijana anakuja akitabasamu. Mwache atabasamu, lakini usihesabu hiyo. Ukiongeza wanga, misuli inaweka akiba yake, na kila gramu ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji. Ongeza chakula zaidi kilichomo tumboni, na kilo imepatikana bila msuli hata mmoja. Anza kuhesabu wiki ya pili.

Ikiwa wiki ya tatu na ya nne bado unapanda nusu kilo au zaidi, pima kiuno kwa uzi kwenye kitovu, asubuhi, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Kiuno kikipanda sentimita mbili huku mapaja na mabega yako palepale, ziada ni kubwa mno. Ondoa ndizi na sukari, kama kalori 145, na uache protini ilivyo. Usiondoe mlo mzima.

Dalili: uzito unapanda taratibu, nguvu haziongezeki

Hapa chakula kimefanya kazi yake na mazoezi hayajafanya. Kukimbia na kucheza basketi peke yake hakumwambii msuli ukue. Unahitaji kazi nzito ya mara mbili au tatu kwa wiki kwa kila kundi la misuli: kuchuchumaa na mzigo, kujivuta juu, kusukuma, kunyanyua kutoka chini. Na mzigo uandikwe. Kama mwezi uliopita ulijivuta mara 6 na leo ni mara 6, msuli hauna sababu ya kuongezeka. Asiye na ukumbi wa chuma ajaze mfuko wa mgongoni mchanga. Ongezeko la kilo mbili mbili linatosha kwa muda mrefu.

Kama mazoezi yapo na yanaandikwa, kagua protini. Kosa la kawaida ni kijana aliyebadilisha uji wa sosoma kwa chai na mandazi kwa sababu ni haraka. Kalori zinafanana, protini imebaki theluthi. Njia rahisi hapa kwetu ni sambaza zilizokaushwa: konzi ndogo juu ya mboga ya jioni inaziba pengo hilo. Ila usipike sombe yote kwa sambaza tatu ukaandika umekula samaki.

Dalili: unakula kweli na uzito unashuka

Ikiwa daftari linaonyesha ziada, sahani zinarudi tupu, mbio hazijaongezeka, na bado wastani unashuka wiki mbili mfululizo, acha kuongeza chakula na nenda ukapimwe. Mweleze daktari yote: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, homa zinazokuja na kuondoka, kiu na mkojo mwingi, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa. Kifua kikuu, minyoo, virusi vya ukimwi, kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo vyote vinaweza kumkondesha mtu anayekula, na kila kimoja kina kipimo chake. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kuongeza protini kabla ya kuzungumza na daktari.

Dalili: ulipanda vizuri, sasa umesimama tena

Kijana wetu alisimama alipokaribia kilo 61. Hili ni la kutegemea. Mwili mkubwa unatumia zaidi: rudia kanuni kwa kilo 61 na utaona matumizi ya siku yamepanda kwa kalori kama 55 tu kwenye karatasi. Lakini mtu aliyeshiba vizuri pia anasogea zaidi bila kujua, anaruka zaidi mazoezini, anapanda kilima kwa kasi, na hilo halimo kwenye kanuni. Kabla ya kuongeza chochote, andika tena siku tatu na usome sahani, kwa maana bugali huwa inaanza kubaki tena kimyakimya. Ikiwa hakuna kinachobaki na wastani umekaa palepale wiki tatu, ongeza kalori 150: kijiko cha mezani cha karanga iliyosagwa kwenye uji, kama 95, na nusu ya ndizi usiku. Kisha pima wiki mbili kabla ya kugusa kitu kingine.